Kuhifadhi nakala za vyeti kwenye KeePassDX ili simu ikipotea visipotee pamoja nayo

Wengi wanaokuja dukani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kuulizia programu ya kufichia vyeti wanayo tayari moja kwenye simu. Wengine wana ile inayojifanya kikokotoo, wengine wanatumia Safe folder ya Files by Google. Hizo zinamzuia mtu asichungulie, lakini faili zinabaki ndani ya simu hiyo hiyo. Ukichomolewa simu stendi ya Kange, mwizi hatoviona vyeti vyako, na wewe pia hutoviona.

Unachohitaji ni faili moja iliyofungwa kwa usimbaji, ambayo unaweza kuiweka popote bila hofu, kisha ukaifungua kwenye simu yoyote ukiwa na nywila yako. Mimi natumia KeePassDX ya Android. Ni ya bure, na haiingii kabisa kwenye intaneti. Imetengenezwa kwa ajili ya kutunza nywila, ila kila ingizo linapokea viambatisho, na hapo ndipo vyeti vinapokaa. Faili lake, ambalo hapa naliita ghala, lina mwisho wa .kdbx, na hilo hilo linafunguka kwa KeePassXC kwenye kompyuta au KeePassium kwenye iPhone.

Tumfuate dada mmoja muuguzi wa Chumbageni, anayeomba ajira. Ana nyaraka sita: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, stashahada, matokeo ya chuo na leseni ya uuguzi.

Hatua ya 1: Piga picha

Weka karatasi karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera. Cheti kilichofanyiwa laminesheni kinang'aa na kufuta namba pale pale unapoihitaji, kwa hiyo kiinamishe kidogo mpaka mng'ao uhame. Punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya kamera, kila moja isizidi kama MB 1. Ghala husomwa lote kila unapolifungua, na ukilijaza picha kubwa, simu ndogo italemewa. Baada ya kupiga, kuza picha usome namba ya cheti. Isiposomeka, rudia.

Usiskani kwa programu ya Google Drive. Picha nzuri utapata, lakini nakala isiyofungwa itabaki Drive.

Hatua ya 2: Tunga nywila

Fungua kamusi bila kuangalia, weka kidole, andika neno ulilogusa. Fanya hivyo mara sita. Utapata kitu kama `pweza hamira stuli ukili bawaba dengu` (huu ni mfano tu, tunga wako). Usitumie methali, aya wala ubeti wa taarabu, hata kama unaupenda vipi: programu za kubahatisha nywila hujaribu misemo inayojulikana na watu. Hakuna ofisi ya kukurudishia nywila hii ukiisahau. Iandike kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Unda ghala

Sakinisha KeePassDX kutoka Play Store au F-Droid. Chagua kuunda ghala jipya, lipe jina lenye mwezi, kwa mfano `nyaraka-2025-06.kdbx`, ulihifadhi kwenye folda ya Documents. Weka nywila yako. Kisha bonyeza alama ya kujumlisha, ongeza ingizo, liite "Leseni ya uuguzi". Kwenye sehemu ya maelezo andika namba ya leseni na tarehe ya kwisha, halafu bonyeza alama ya klipu uambatishe picha. Hifadhi, nenda linalofuata.

Namba usiache kuziandika kwa maandishi, usitegemee picha peke yake. Ofisi inayotoa nakala mpya itakuuliza namba ya mtihani ya kidato cha nne au namba ya ingizo la cheti cha kuzaliwa, na kuinakili kutoka kwenye maandishi ni rahisi kuliko kukodolea picha macho.

Ukiruhusu kufungua kwa alama ya kidole, jua kwamba alama hiyo inafanya kazi kwenye simu hiyo peke yake. Nimeona watu waliofungua kwa kidole mwaka mzima, siku simu ilipoondoka wakawa hawakumbuki hata neno moja la nywila. Mimi nashauri uandike nywila kwa mkono kila unapofungua.

Hatua ya 4: Toa nakala nje ya simu

Pakia faili la .kdbx kwenye Google Drive, na nakala nyingine iweke kwenye flashi inayobaki nyumbani. Kwa kuwa limefungwa, hata aliyeokota flashi hana la kufanya nalo.

Sasa futa picha za mwanzo. Hapa ndipo kazi inapolala. Picha zipo kwenye galari, na kama Google Photos inahifadhi nakala, zipo huko pia. Ukizifuta zinakaa kwenye pipa la taka mpaka siku 60, kwa hiyo limwage. Kama uliwahi kuwatumia steshenari wakuchapie, zipo kwenye WhatsApp yako, na pengine kwenye kompyuta yao pia. Steshenari nyingi mjini hapa zina folda moja yenye vyeti vya watu wa mtaa mzima. Waombe wafute ukiwa umesimama hapo hapo.

Hatua ya 5: Mtego wa laini

Dada wa Chumbageni alifika hapa akadhani amemaliza. Nikamuuliza: simu imekwenda na laini imekwenda, Gmail yako utaingiaje kwenye simu ya dada yako? Alikuwa amewasha uthibitisho wa hatua mbili, na msimbo unatumwa kwa laini ile ile iliyopotea. Laini utairudisha kwa kwenda mwenyewe na namba yako ya NIDA, uweke alama za vidole, lakini ikitokea usiku wa Jumamosi na maombi yanafungwa Jumapili, umekwama.

Dawa yake ni hii: ingia `myaccount.google.com`, sehemu ya usalama, kwenye uthibitisho wa hatua mbili, uchukue misimbo ya akiba. Google inakupa 10, kila mmoja una tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Nakili kwenye karatasi. Karatasi hii isikae pamoja na ile ya nywila ya ghala. Yeye alificha misimbo ndani ya sanduku lake, nywila akampelekea mama yake Pongwe ndani ya bahasha iliyofungwa.

Hatua ya 6: Jifanye simu imepotea

Zima simu yako. Azima ya mtu wa nyumbani, kamwe usitumie kompyuta ya steshenari, maana hujui kama kuna programu inayorekodi unachoandika. Fungua kivinjari kwa dirisha la faragha, ingia Gmail kwa nywila yake na msimbo mmoja wa akiba, pakua faili, sakinisha KeePassDX, fungua. Namba ya leseni ikisomeka, umefaulu. Ikigoma kwenye nywila, jaribu tena polepole kabla hujaanza kulaumu programu. Mara nyingi ni nafasi kati ya maneno au herufi kubwa ambayo simu imeiweka yenyewe mwanzoni.

Ukimaliza, toka kwenye akaunti na futa faili kwenye simu uliyoazima. Kata msimbo uliotumika kwenye karatasi.

Leseni ikihuishwa, ongeza picha mpya kwenye ghala, ulihifadhi kwa jina la mwezi huo, upakie Drive na uweke kwenye flashi. Lile la zamani usilifute mpaka hili jipya umelifungua kutoka Drive na kuona picha ya leseni kwa macho yako.