Kabla ya kulazwa: bima ikilipa asilimia 80, mfukoni utatoa ngapi?

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye dirisha la bima la hospitali moja hapa Tanga, na sentensi niliyoisikia kuliko zote ni hii: "Mwanangu, bima yangu inalipa themanini, mimi natoa ishirini tu." Anayeisema huwa amekuja na hiyo ishirini yake mfukoni, imehesabiwa vizuri kabisa. Siku ya kuruhusiwa bili inatoka mara mbili ya alichobeba, ndugu wanaanza kupigiana simu, na mgonjwa anakaa wodini akisubiri mchango huku kitanda kinaendelea kuhesabiwa. Mara nyingi hakuna aliyemdanganya. Zile asilimia 80 ni za kweli, ila hazipigwi kwenye bili nzima.

Nitachukua ngiri ya kinena iwe mfano, kwa sababu ni upasuaji unaopangwa mapema na kwa wanaume wanaobeba mizigo hapa mjini si jambo geni. Daktari amesema ifanyiwe mwezi ujao, kwa hiyo una wiki kadhaa za kupiga hesabu. Ngiri ambayo uvimbe wake umegoma kurudi ndani, unauma sana na mgonjwa anatapika, hiyo haisubiri hesabu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, mambo ya kibali cha bima ndugu watayashughulikia ukiwa tayari unatibiwa.

Kabla hujagusa bei yoyote, fungua mkataba wako wa bima, au kile kijitabu cha mafao ulichopewa kazini, utafute mahali palipoandikwa habari za maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga na muda wa kusubiri. Baadhi ya bima hazilipii upasuaji wa ugonjwa uliokuwepo tangu mwanzo mpaka miezi fulani ipite. Kama umejiunga juzi na ngiri unayo tangu mwaka juzi, huenda bima isitoe hata senti, na hesabu zote zinazofuata hapa hazikuhusu. Heri ulijue hilo ukiwa nyumbani kuliko kulijua umeshavalishwa gauni la tieta.

Likishapita hilo, nenda hospitali uombe makadirio ya maandishi, wengi wanaita profoma. Usikubali jumla tupu. Mtu akikwambia "kama milioni moja na laki saba hivi", huwezi kufanya hesabu yoyote ya bima, kwa sababu bima haiangalii jumla, inaangalia mstari mmoja mmoja. Omba waandike mbalimbali: vipimo, chumba cha upasuaji, daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, vifaa, dawa, na kitanda kwa usiku. Waulize pia wamekadiria usiku mingapi. Na hakikisha hospitali yenyewe imo kwenye orodha ya bima yako mwaka huu, maana mikataba kati ya bima na hospitali huanza na huvunjika. Kadi iliyopokelewa mwaka jana si ushahidi.

Tuseme profoma imekuja hivi, na bei hizi ni zangu za mfano tu, usizichukue kuwa za hospitali yoyote. Vipimo na kumwona daktari 120,000. Chumba cha upasuaji 350,000. Mpasuaji 500,000. Usingizi 150,000. Wavu 300,000. Dawa na vifaa vidogo vidogo 180,000. Kitanda usiku mbili kwa 60,000, yaani 120,000. Jumla shilingi 1,720,000. Ukichukua asilimia 20 ya jumla hiyo unapata 344,000, na ndicho kiasi ambacho wengi huja nacho.

Sasa weka profoma kando ya mkataba, usome mstari kwa mstari ukiwa na kalamu.

Kwanza futa visivyolipiwa kabisa. Hapa ndipo wavu unapowaumiza watu. Ni kipande laini cha nyuzi za plastiki ambacho daktari hukishonea ndani kuziba uwazi ule ambao utumbo ulikuwa unapenyea, na hubaki mwilini. Kwa kuwa hubaki mwilini, baadhi ya mikataba hukiweka kwenye kifungu kimoja na vyuma vya mifupa na lenzi za macho: vifaa vya kupandikizwa, havilipiwi, au vinalipiwa mpaka kiasi fulani tu. Neno "wavu" huenda usilikute popote kwenye kijitabu, ndiyo maana ni lazima upige simu bima na kuuliza kwa jina lake, na ukiweza upate jibu kwa ujumbe wa maandishi. Katika mfano wetu haulipiwi, kwa hiyo 300,000 zote ni zako. Usifikirie kuuacha ili kuokoa pesa bila kuzungumza na daktari, kwani ngiri iliyoshonwa bila wavu kwa mtu mzima ina uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi, na upasuaji wa pili utaulipia upya. Ndani ya ile 180,000 ya dawa na vifaa, tuseme pia kuna vitu vya 30,000 ambavyo bima inaviita vya matumizi binafsi. Navyo vifute.

Kisha kata kinachozidi ukomo. Bima ina bei yake kwa kila huduma, na hospitali ina ya kwake. Tuseme bima inatambua 400,000 tu kwa mpasuaji, basi 100,000 iliyozidi ni yako. Kitanda inatambua 40,000 kwa usiku, hivyo 20,000 iliyobaki, mara mbili, ni 40,000 zako. Hospitali nyingine zina makubaliano na bima ya kutomdai mgonjwa tofauti hiyo, kwa hiyo swali la kuuliza dirishani ni hili: "Bei ya bima ikiwa ndogo kuliko yenu, tofauti analipa nani?" Uliza hivyo hivyo.

Umefuta 330,000 na kukata 140,000, jumla 470,000. Kilichobaki kinachotambuliwa na bima ni 1,250,000. Hapo sasa ndipo asilimia 80 inapoingia: bima inatoa 1,000,000, wewe unachangia 250,000. Ongeza zile 470,000, na mfukoni mwako zinatoka 720,000. Zile 344,000 ulizokuja nazo hazifiki hata nusu.

Mzee mmoja aliyeletwa na kijana wake kutoka Muheza tulimwandikia hesabu ya namna hii kwenye karatasi kabla ya kulazwa. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Basi wodi ya kawaida inanitosha." Hakuwa amekosea. Kwenye mfano wetu, wodi ya kawaida ya 40,000 inafuta ile tofauti ya kitanda yote bila kugusa matibabu yenyewe. Vitu vingi kwenye bili huna uwezo wa kuvibadilisha, ila aina ya kitanda unao.

Kuna ukomo mwingine ambao huonekana mwishoni tu: salio la mwaka. Kama bima yako ni ya familia na mnachangia fungu moja, mama alipojifungua mwezi wa tatu na watoto walipougua malaria, vyote vilitoka humo. Piga simu bima uulize salio la kulazwa limebaki kiasi gani. Likiwa 900,000, bima itaishia hapo, na ile 100,000 iliyopungua inahamia kwako, unafika 820,000. Waulize pia kama salio la kulazwa na la wagonjwa wa nje ni mafungu mawili, kwa sababu vipimo vilivyofanywa kabla ya kulazwa huweza kuingia fungu jingine lenye masharti yake.

Kibali cha awali ni kazi ya hospitali kukiomba, lakini kufuatilia ni kazi yako. Siku mbili tatu kabla ya tarehe, pita dirishani uulize kimetoka kwa kiasi gani na kwa vitu gani. Soma vilivyokataliwa. Kibali cha sehemu ni kitu cha kawaida, na mara nyingi ndicho kinachokueleza kwa uhakika zaidi kile ambacho kijitabu hakikueleza. Profoma yako irekebishe kwa kufuata kibali, usifanye kinyume chake.

Nje ya bili kuna dawa zisizokuwepo. Daktari anaandika, dirisha la dawa linasema imekwisha, na ndugu anatumwa duka la dawa Ngamiani. Kama utadai bima ikurudishie, unahitaji karatasi ya dawa yenye sahihi ya daktari, uthibitisho wa hospitali kwamba haikuwepo, na risiti ya EFD yenye jina la dawa. Risiti ya kuandikwa kwa mkono mara nyingi hurudishwa. Na kwa kuwa marejesho huchukua muda, siku ya kulazwa pesa hiyo ihesabu kama imetoka. Weka pia nauli na chakula cha anayemuuguza mgonjwa, hasa mkitokea Pangani au Lushoto, na siku za kazi zitakazopotea. Baada ya ngiri mtu habebi mizigo mizito kwa wiki kadhaa, na kwa kibarua hilo huweza kuzidi gharama ya wavu.

Akiba ya dharura watu huiweka kwa kubahatisha. Mimi naishauri iwekwe kwa usiku. Katika mfano wetu usiku mmoja wa ziada ni 60,000, bima inatoa asilimia 80 ya 40,000, yaani 32,000, wewe 28,000, pamoja na sehemu yako ya dawa za siku hiyo. Weka usiku mbili za ziada na dawa zake, yaani kama 80,000 hivi. Kidonda kikipata usaha au mgonjwa akapewa rufaa kwenda Muhimbili, akiba hiyo haitatosha, na hakuna profoma inayoweza kukukadiria hilo. Unachoweza kujua mapema ni kama gari la wagonjwa limo kwenye mafao.

Ikiwa baada ya hesabu yote unaona pesa haifiki, sema kabla ya kulazwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, kama hospitali nyingine za serikali, ina ofisa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuangalia wasioweza kulipa. Kwa upasuaji usio wa haraka daktari pia anaweza kukusogezea tarehe, mpaka salio la bima lianze upya au mshahara uingie, kama haoni hatari.

Siku ya kuruhusiwa, omba bili yenye mistari ile ile ya profoma, uziweke pamoja. Angalia idadi ya usiku, maana siku ya kutoka wakati mwingine huhesabiwa. Angalia dawa zilizoandikwa lakini zikarudishwa bila kutumika. Angalia kama kile ulichonunua Ngamiani hakikuingizwa tena kwenye bili. Ukikuta tofauti, rudi dirishani kabla hujalipa na kabla hujasaini fomu ya bima, kwa sababu sahihi yako ndiyo inayoieleza bima kwamba huduma zote zilizoandikwa hapo ulizipata.