Mfanyakazi kazidishiwa mshahara: namna ya kupiga hesabu na kumwandikia barua ya kurejesha kidogo kidogo

Nashughulikia mishahara ya viwanda vidogo vya mbao hapa Mafinga, na barua ninayoogopa kuiandika kuliko zote ni ya kumwambia mtu kwamba hela aliyokwisha kuila haikuwa yake. Ikiandikwa vibaya inaishia kwenye mgogoro, hata kama deni ni la kweli. Nitatumia mfano mmoja wa opareta wa msumeno, tuuchukue mwanzo hadi mwisho.

Opareta huyu mshahara wake ni shilingi 600,000. Alikaimu usimamizi wa zamu kwa posho ya 90,000 kwa mwezi, na kukaimu kukaisha tarehe 31 Machi. Barua ya kumrudisha kwenye nafasi yake ilikaa kwenye faili la utumishi bila kufika kwa mhasibu, kwa hiyo posho ikaendelea kulipwa Aprili, Mei na Juni. Kosa likaonekana Julai, kabla mishahara ya mwezi huo haijatoka.

Hatua ya 1: Funga bomba kwanza

Ondoa posho kwenye orodha ya mishahara kabla ya kuandika chochote. Kisha toa slipu za miezi yote mitatu, pamoja na barua ya kukaimu na ile ya kukoma kukaimu. Bila barua hiyo ya pili huna deni la kudai, maana mfanyakazi anayo haki ya kusema aliendelea kukaimu. Muulize na msimamizi wa zamu ni nani hasa aliyekuwa anasaini daftari la zamu miezi ile. Ukikuta ni opareta huyuhuyu, basi posho ni yake na habari imeishia hapo.

Hatua ya 2: Dai kilichofika mkononi mwake

Wengi wanachukua 90,000 mara tatu wakaandika 270,000. Hata mimi niliwahi kuandika hivyo, kwenye ofisi niliyokuwa zamani. Mama mmoja akaja na slipu zake tatu akaziweka mezani, akanionyesha kwa kidole kwamba hela ninayomdai hakuipata. Alikuwa sahihi.

Tazama slipu ya Aprili. Mshahara na posho ni 690,000. NSSF asilimia 10 ni 69,000, zinabaki 621,000 za kukatwa kodi. Katika ngazi hii PAYE ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, yaani 40,200. Mkononi alipata 580,800.

Sasa piga hesabu kama ilivyopaswa kuwa. Mshahara 600,000, NSSF 60,000, zinabaki 540,000, PAYE 24,000, mkononi 516,000. Tofauti ni 64,800 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu 194,400. Hilo ndilo deni lake. Zile 75,600 nyingine zilikwenda NSSF na TRA, na kuzifuatilia huko ni kazi ya mwajiri aliyeziwasilisha.

Rudia hesabu mwezi kwa mwezi. Kama mwezi mmoja alikuwa na ovataimu, kodi yake inaweza kuwa imepanda ngazi, na tofauti haitakuwa 64,800 tena.

Hatua ya 3: Ongea naye kabla ya barua

Mwite faraghani, slipu zikiwa mezani. Huyu wa kwetu alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, mimi nilijua ile posho wameniachia." Nilimwamini. Usimuulize kwa nini hakusema. Kosa ni la ofisi. Muulize miezi gani inambana. Akanitajia Desemba, kwa sababu ya mbolea ya mahindi, na Januari, watoto wanaporudi shule. Pia alikuwa na mkopo wa SACCOS wa 180,000 kwa mwezi, hivyo kwenye zile 516,000 anabakiwa na 336,000. Kipande cha makato kipime kwa hicho kinachobaki, usikipime kwa mshahara wote. Tukagawa 194,400 kwa 12, ikawa 16,200.

Hatua ya 4: Andika barua

> YAH: MSHAHARA ULIOZIDISHWA APRILI HADI JUNI NA PENDEKEZO LA KUUREJESHA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Rejea mazungumzo yetu ya tarehe 6 Agosti. Kukaimu kwako usimamizi wa zamu kulikoma tarehe 31 Machi, lakini kwa kosa la ofisi uliendelea kulipwa posho ya kukaimu kwa miezi mitatu. Hukuhusika na kosa hili, na barua hii si ya nidhamu.
>
> Kiasi kilichozidi mkononi mwako, baada ya NSSF na kodi, ni shilingi 64,800 kwa kila mwezi, jumla shilingi 194,400. Mchanganuo na nakala za slipu zimeambatanishwa.
>
> Tunapendekeza urejeshe shilingi 16,200 kwa mwezi kwa miezi 12, kuanzia mshahara wa Septemba. Desemba na Januari hutakatwa. Deni halina riba.
>
> Kama hukubaliani na hesabu hii, au kiasi cha kila mwezi ni kikubwa kwako, tujulishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Hatutakata chochote kabla hujaridhia kwa saini yako.
>
> Tunaomba radhi kwa usumbufu huu.

Ombi la radhi usiliondoe hata bosi akisema linaonyesha udhaifu. Neno la kuliepuka ni "ulijipatia", kwa sababu linamgeuza mwizi.

Hatua ya 5: Pata saini

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamruhusu mwajiri kurejeshewa malipo aliyozidisha kwa kukosea hesabu ya mshahara. Lakini kifungu hichohicho kinakataza makato ambayo hayakuruhusiwa na sheria wala kuridhiwa na mfanyakazi kwa maandishi. Kwa hiyo ambatanisha karatasi fupi ya ridhaa yenye kiasi cha deni, kipande cha kila mwezi, mwezi wa kuanza, na miezi ya kuruka. Saini nakala mbili, moja aende nayo nyumbani. Mpe siku kadhaa asome na mwenzake, usimsainishe palepale ofisini.

Akikataa, usikate kimyakimya. Kaeni tena na slipu, mwalike kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama yupo. Ikishindikana, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Hatua ya 6: Ingiza makato mahali pake

Makato ya 16,200 yaingie chini ya PAYE, kwenye safu moja na SACCOS. Ukiyatoa juu, kwenye mshahara wenyewe, NSSF na kodi zinapungua pia na hesabu ya deni inavurugika. Utaligundua kosa hilo haraka: kwenye slipu ya Septemba NSSF isome 60,000 na PAYE 24,000. Ikisoma pungufu, umeyaweka juu.

Slipu ionyeshe na salio: Septemba 178,200, Oktoba 162,000, Novemba 145,800. Desemba na Januari salio libaki 145,800, kisha Februari 129,600. Weka tarehe ya kikomo kwenye mfumo, mshahara wa Oktoba mwaka unaofuata, ili makato yasije yakaendelea mwezi wa 13 nawe ukawa ndiye mwenye deni kwake.

Akiacha kazi kabla ya hapo, usimeze salio lote kwenye stahiki zake za mwisho bila makubaliano mapya. Na kipande cha mwisho kikishakatwa, mwandikie mistari miwili kwamba deni limekwisha, nakala iwekwe kwenye faili lake, palepale juu ya ile barua ya kukoma kukaimu.