Kuuza bidhaa za nywele ndani ya saluni bila kumbana mteja

Mwongozo huu niliuandaa baada ya kumsaidia mwenye saluni mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, ambaye wateja wake walikuwa wakiulizia mafuta waliyopakwa, kisha wakaenda kuyanunua Makoroboi.

Hatua ya 1: Chagua bidhaa. Anza na bidhaa mbili tu ambazo wasusi wako wanazitumia kila siku, kwa sababu msusi hawezi kueleza vizuri kitu asichokijua kwa mkono wake. Tuseme umenunua chupa sita za kondishena isiyooshwa kwa shilingi 9,000 kila moja na unaziuza 12,000. Mtaji wako wa shilingi 54,000 hurudi unapouza chupa ya tano, kwa hiyo usiongeze aina nyingine kabla ya hapo. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku. Usiziweke hata mteja akiziomba.

Hatua ya 2: Panga rafu. Iwe mbali na jua la dirishani, na kila chupa iwe na bei. Chupa za kuuza zisichanganywe na za kazi.

Hatua ya 3: Fundisha wasusi namna ya kusema. Hapa ndipo penye kazi. Wengi hungoja mteja afike mezani kulipa ndipo waanze kumtajia bidhaa, wakati tayari anahesabu nauli yake ya daladala. Maelezo yatolewe wakati wa huduma, chupa ikiwa mkononi. Kwa mfano, mteja amefumuliwa rasta na ncha za nywele zinakatika. Msusi aseme: "Dada, ncha zako zimekauka, ndiyo maana nakupaka hii kondishena. Ukiwa nyumbani, kiasi cha kijiko cha chai kwenye nywele mbichi kinatosha." Kisha anyamaze na kuendelea na kazi. Mteja akiuliza bei, atajiwe. Asipouliza, jambo hilo lisirudiwe siku hiyo.

Wafanyishe mazoezi wao kwa wao, mmoja akikaa kitini na kujibu "nitafikiria", kwa kuwa jibu hilo ndilo huwatia wasusi kishawishi cha kusukuma. Jibu sahihi ni "sawa, dada", bila kununa wala kuongeza neno. Wazuie pia kumkosoa mteja kwa maneno kama "nywele zako zimeharibika sana", maana hayo ni kumtisha ili anunue. Ipo pia hali ambayo hawapaswi kuuza chochote: kichwa cha mtoto chenye mabaka yaliyonyonyoka nywele na magamba huenda kina mapunye, ambayo hutibiwa kwa dawa za kumeza, si kwa mafuta. Mzazi ashauriwe aende zahanati, na vitana visitumike kwa mwingine kabla ya kusafishwa kwa dawa.

Hatua ya 4: Lipa kamisheni kwa uangalifu. Mimi sipendi kamisheni ya kila chupa, kwani humfanya msusi amwone mteja kama pochi. Afadhali kiasi kidogo kigawanywe kwa wote mwisho wa mwezi. Katika daftari la mauzo, weka alama kwa kila mteja aliyerudi kununua chupa ya pili ya bidhaa ileile. Kama chupa za kwanza ni nyingi na za pili hazipo, sikiliza upya yanayosemwa kitini.