Nishati ya uamilishaji kwa halijoto mbili: namna ya kuijaza karatasi isirudishwe

Aliyewahi kupeleka ripoti ya kemia hapa Bukavu anajua kwamba asistanti hana muda wa kufuata hesabu yako: hutazama jibu na kipimo chake, kisha hutia sahihi au hukurudisha mwisho wa foleni. Kichwa cha karatasi na jedwali mnavijua, kwa hiyo naviruka.

Tuchukue kuvunjika kwa N₂O₅. Konstanti ya kasi, k, ni 3,46 × 10⁻⁵ kwa sekunde katika 25 °C, na 4,87 × 10⁻³ kwa sekunde katika 65 °C. Fomula ya nishati ya uamilishaji, Ea, ambamo R ni konstanti ya gesi, ni hii:

```
Ea = R × ln(k2/k1) × T1 × T2 / (T2 − T1)
```

Geuzeni kwanza halijoto kuwa kelvini, yaani 298 na 338. Anayeacha selsiasi hupata kJ 1,7 kwa moli, na kosa hilo hujitangaza lenyewe, kwani kizuizi cha nishati kidogo namna hiyo hakiwezi kuongeza kasi mara 141 kwa digrii 40 tu.

Hatua inayorudisha karatasi nyingi ni ya k. Uwiano wa k₂ kwa k₁ hauna kipimo, hivyo sekunde au dakika zote zinakubalika, mradi zitumike kotekote. Tatizo ni kwamba katika 25 °C nusu ya dutu huisha baada ya saa tano na nusu hivi, na mpimaji huandika muda kwa dakika. Katika 65 °C nusu huisha kwa sekunde 142, naye hushika saa ya sekunde. Basi k₁ huingia kama 2,08 × 10⁻³ kwa dakika, uwiano hushuka kutoka 141 hadi 2,3, na Ea huwa kama kJ 18 badala ya 103,6. Kabla ya kugusa kikokotoo, gawanyeni muda wa nusu wa kwanza kwa wa pili, vyote kwa sekunde: sekunde 20 000 kwa 142 ni 141, nao ndio uwiano mnaoutaka.

Kwenye kikokotoo, bonyezeni `ln`. Kitufe cha `log` hutoa kJ 45, jibu la hatari kwa sababu linaonekana la kawaida kabisa na hakuna atakayeshtuka.

R ya 8,314 ina jouli ndani yake, kwa hiyo jibu linatoka kama 103 600 J/mol. Karatasi inadai kJ/mol: gawanyeni kwa 1000, maana asistanti aliyekosa chai ya asubuhi hasamehi 103 600 kJ/mol.

Mwisho, tumieni Ea hiyo kukisia k ya 45 °C. Inatoka 4,8 × 10⁻⁴ kwa sekunde, na majedwali yanatoa 4,98 × 10⁻⁴. Tofauti ya sehemu nne kwa mia inavumilika; ikizidi mara mbili au zaidi, rudini kwenye dakika na sekunde kabla ya kupanga foleni.