Michoro minane kwa dakika nane, kisha kura

Zoezi hili la kuibua mawazo kwa kuchora ukilitafuta mtandaoni, andika Crazy 8s. Lilijulikana sana kupitia Google Ventures, kitengo cha uwekezaji cha Google, ambako ni kipande kimoja tu cha siku ya pili katika mpango wa kazi wa siku tano. Hapa tunalitumia peke yake, kwa nusu saa na ushee, tukiongeza kura mwishoni.

Tuchukue mfano wa timu ya watu watano wanaotengeneza programu ya simu ya kuandika madeni ya duka la mtaani, lile ambalo Mangi hukopesha unga kilo mbili na sukari robo, akaandika kwenye daftari.

1. Andika swali moja ukutani

Hapa ndipo zoezi huharibika mara nyingi, hata kabla ya kalamu kufunguliwa. "Tuboreshe programu ya madeni" si swali. Kila mtu atachora kitu chake, na mwishoni utakuwa unapigisha kura kati ya embe na baiskeli. Swali zuri lina mtu, tatizo na kikwazo: "Mwenye duka amkumbusheje mteja deni bila kumuudhi?" Maneno "bila kumuudhi" ndiyo yanayobeba kazi. Ukiyaondoa, watu wote watachora meseji ya kudai na kuweka kalamu chini. Waswahili walishasema kukopa harusi, kulipa matanga; swali lenu liko kwenye matanga.

2. Kunja karatasi

Kila mtu achukue karatasi moja ya A4, aikunje katikati mara tatu, kisha aifungue. Atapata visanduku vinane, kila kimoja karibu sentimita 7 kwa 10, yaani kikubwa kidogo kuliko kadi ya benki. Udogo huo ni wa makusudi: hakuna nafasi ya kuremba.

Tumieni maka peni au kalamu yoyote yenye wino mzito. Penseli ikatazwe, kwa sababu mwenye penseli hufuta, na kufuta kunakula dakika yake. Kalamu nyembamba nayo humvuta mtu aandike aya nzima badala ya kuchora.

3. Choreni, dakika moja kila kisanduku

Mmoja ashike saa na kusema "hamia" kila dakika inapoisha, awe na yeye anachora au la. Usiwape dakika nane za jumla wajigawie wenyewe, maana watamaliza tano kwenye kisanduku cha kwanza. "Hamia" ikisemwa, mtu anaacha mchoro hata kama una nusu mlango. Kisanduku kilichobaki kitupu kiachwe hivyo hivyo. Hakuna kurudi nyuma.

Kimya kabisa, na hakuna kuchungulia kwa jirani.

Mchoro unaotakiwa ni mistatili, mishale, watu wa vijiti na maneno matano au sita. Kwa swali letu, kisanduku cha kwanza kinaweza kuwa simu yenye meseji: "Deni lako ni 4,500." Cha pili, meseji hiyohiyo inayofika asubuhi ya siku ya mshahara. Cha tatu, orodha ya madeni yenye rangi nyekundu. Hivi vitatu ni vya kawaida. Kila mtu mezani atakuwa navyo, na ni sawa. Vinatoka kwanza kwa sababu viko juu juu kichwani.

Ugumu huanza kisanduku cha nne au cha tano. Utauona: watu wanainua macho, wanatazama dari. Mshika saa awe na visukumio tayari na atamke kimoja tu kila dakika, bila maelezo: "Kama mteja hana simu?" "Kama hajui kusoma?" "Kama mteja ndiye anayeanza, si mwenye duka?" Kisukumio hicho cha mwisho ndicho kitakachozaa, tuseme, kadi ndogo ya karatasi anayobaki nayo mteja, ambapo siku ya kukopa anaandika mwenyewe tarehe atakayolipa. Wazo kama hilo ni nadra kutokea kisanduku cha kwanza.

4. Chagueni viwili, vibandikeni

Michoro sasa ni arobaini, na hakuna anayeweza kuipigia kura yote kwa akili timamu. Kila mtu, kwa dakika mbili, azungushie viwili vyake bora. Inabaki kumi. Ibandikeni ukutani na kila mchoro uelezwe kwa dakika moja. Maelezo, si kutetea, swali linaloruhusiwa ni "hiki ni nini?" tu.

Kabla ya kura, tafuteni mapacha. Kama watu wawili wamechora meseji ya siku ya mshahara, ibandikwe pamoja na ihesabiwe kuwa moja. Msipofanya hivyo kura zake zitagawanyika, na wazo dhaifu lililo peke yake litapita katikati.

5. Pigeni kura

Kila mtu apate nukta tatu: stika za duara kama zipo, la sivyo alama za maka peni. Kila mmoja kwanza aamue kimya na kuandika chaguo zake kwenye kikaratasi, ndipo wote wainuke kwa pamoja kubandika. Pasipo kikaratasi, nukta ya kwanza huita nyingine. Bosi abandike wa mwisho kabisa. Akitangulia, mmepiga kura moja tu, yake.

Nukta isiwekwe juu ya karatasi kwa jumla, bali pale hasa panapompendeza mtu: kwenye kitufe, kwenye tarehe, kwenye neno. Tuseme nukta kumi na tano zimeangukia hivi: meseji ya siku ya mshahara 5, kadi ya mteja 4, kulipa kidogo kidogo kwa Lipa Namba 3, kikomo cha deni 2, kupiga picha daftari 1. Ukihesabu tu, meseji imeshinda. Ukisogea karibu, unaona nukta tatu kati ya nne za kadi zimerundikana kwenye pembe ileile, pale mteja anapochagua tarehe mwenyewe. Kadi haijapendwa sana. Kilichopendwa ni ahadi. Basi wazo la kujaribu ni meseji inayokumbusha tarehe ambayo mteja aliitaja mwenyewe, na kikwazo cha "bila kumuudhi" kimepata jibu.

Nukta zikilingana, msirudie kura. Mwenye dhamana ya bidhaa aamue kwa sauti, aseme na sababu.

6. Chora mara moja zaidi, polepole

Mtu mmoja achukue wazo lililochaguliwa na alichore kwa dakika kumi katika picha tatu: siku ya kukopa, meseji inafika, deni linafutwa. Ni hapa mashimo yanapoonekana. Meseji inatoka kwa namba ya nani? Nani anailipia? Mteja akilipa taslimu, nani anamwambia programu?

Jambo moja la kuangalia: waliopiga kura si Mangi wala mteja wake. Nukta tano zinaonyesha timu iko tayari kujaribu nini kwanza, basi. Picha hizo tatu zipelekeni dukani, mzionyeshe kwa wenye maduka watano bila kuwaambia kwamba wazo hili ndilo lililoshinda, kabla mtu hajaandika mstari wa kwanza wa programu.