SOMO: Taa ya mafuta imewaka, zimebaki lita ngapi na pampu inaumia?

Wakuu, kwenye gari nyingi ndogo taa huwaka tangi likiwa na kama lita 5 hadi 8. Za kwako unaweza kuzipima mwenyewe.

1. Angalia kwenye kitabu cha gari tangi linabeba lita ngapi. Langu ni 45.

2. Taa ikiwaka ukiwa barabara tambarare, soma kilomita, kisha nenda kituoni. Mimi nilitembea 6.

3. Jaza mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, basi. Ukiendelea kushindilia, hesabu inaharibika. Langu liliingia lita 38, maana yake zilikuwa zimebaki 7. Gari yangu inakula lita moja kwa kilomita 12, kwa hiyo taa ilipowaka kulikuwa na 7 na nusu.

4. Rudia siku nyingine, maana geji hupima kwa boya linaloelea na huwa haliko sahihi sana.

Kwa karatasi, lita 7 na nusu ni kilomita 90. Mimi naziamini 45 tu. Foleni na milima hula zaidi, na yale ya mwisho kabisa pampu haiyafikii.

Sasa pampu. Kwenye gari za petroli za injekta, pampu ya umeme imo ndani ya tangi, na petroli inayopita ndani yake ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Nyingi zimekaa ndani ya kikombe kinachobakiza mafuta hata tangi likipungua, kwa hiyo kufika kituoni taa ikiwaka hakuiui. Kinachoiumiza ni kuvuta hewa: kona kali au mlima mafuta yakiwa kidogo, na hasa kuzimikiwa. Anayeishi kwenye taa kila wiki anaikaribisha hali hiyo, na pampu yake huwa inafanya kazi kwenye joto zaidi.

MASWALI

Mkuu, si uchafu wa chini ndio unavutwa?
Pampu inavuta chini siku zote, hata tangi likiwa fulu. Hiyo hoja inakuzwa mno, labda kwa tangi kuukuu lenye kutu au maji.

Yangu inawaka nikipanda mlima, tambarare inazima. Ni hitilafu?
Hapana, mafuta yamehamia upande mmoja na boya limeshuka. Ila ndiyo dalili kwamba umekaribia, usisubiri iwake moja kwa moja.

Nitajuaje pampu imeanza kuchoka?
Fungua swichi bila kuwasha injini, usikilize upande wa tangi. Mvumo mfupi wa sekunde mbili hivi ni kawaida kwa gari nyingi. Ikianza kulia kama mluzi hata tangi likiwa limejaa, au gari inakosa nguvu mlimani, fundi apime presha ya mafuta kabla hajakuuzia pampu, maana filta iliyoziba nayo hufanya hivyo hivyo.

Na dizeli?
Dizeli usithubutu kuimaliza. Hewa ikiingia, nyingi haziwaki mpaka itolewe kwenye mfumo, na pampu ya presha kubwa inalainishwa na dizeli hiyo hiyo.