Kiazi cheusi ndani: kimeoza au ndiyo rangi yake?

Wiki iliyopita nilimsaidia jirani kuchambua rundo la viazi vikuu na viazi vitamu. Alishatupa saba, na vinne kati ya hivyo vilikuwa vizima kabisa, ila vya aina ya zambarau. Sikumcheka, maana mimi mwenyewe niliwahi kutupa karibu nusu ya rundo kwa kosa hilohilo.

1. Vitenganishe. Kiazi kitamu kina ganda jembamba na kimechongoka ncha zote mbili. Ukikikata kinatoa utomvu mweupe kama maziwa, nao si dalili ya ugonjwa. Kiazi kikuu kina ganda kama gome lenye vijizizi, na ndani kinateleza.

2. Pima ganda. Bonyeza kwa dole gumba, hasa kwenye ncha na penye majeraha. Panapobonyea pana maji ndani. Kwenye kiazi kitamu, madoa ya kahawia yasiyo na shimo mara nyingi huishia kwenye ganda. Doa jeusi la mviringo lililodidimia ni jambo jingine: nyama yake huwa chungu, na kupika hakuiondolei sumu.

3. Kata. Tumia kisu chembamba chenye makali. Panga sipendi, linaponda nyama na sehemu iliyopondwa hugeuka kahawia, halafu unadhani umegundua uozo. Kata kipande cha kukingama, ukitazame papo hapo. Usikiache kwanza uende kuchota maji! Nyama ya kiazi kikuu ikipigwa na hewa hubadilika rangi yenyewe.

Ukishachelewa, kwangua juujuu, kama unene wa kucha. Chini pakiwa peupe, ilikuwa hewa tu. Weusi ukiendelea chini, jiulize umekaa wapi. Mkanda wa njano au kahawia chini tu ya ganda, wa sentimita 1 au 2, huku katikati pakiwa peupe, ni uozo mkavu unaoletwa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Ganda la juu yake mara nyingi limepasuka na kubanduka.

Zambarau ya asili nayo hutawanyika kama wino kwenye kitambaa, lakini nyama inabaki ngumu na haina harufu. Kama bado una shaka, ponda kijiko kimoja cha nyama hiyo katika maji, ugawe mara mbili. Upande mmoja kamulia limau, mwingine tia magadi. Rangi ya asili huwa nyekundu kwenye limau, na bluu au kijani kwenye magadi. Kahawia ya uozo haigeuki hivyo. Viazi vinne vya jirani vilipita hapa, tukavitoa jalalani.

Kipimo hiki hakikuambii kama kiazi cha zambarau ni kizima. Cha zambarau nacho huoza, kwa hiyo pua na dole gumba bado vina kazi.

4. Amua. Uozo mkavu unakatwa, sehemu nyeupe inaliwa mapema. Kiazi kitamu kilicholainika, chenye harufu ya pombe na nywele za ukungu, tupa chote.